Lemayani Hajaamua: Namna ya Kuandika Fikra Zisizonyooka

Mhusika akiwa na uamuzi mzito mbele yake, mwandishi hushawishika kumgeuza wakili. Anampa hoja za upande huu, anampa hoja za upande ule, kisha anamkabidhi hukumu. Msomaji anapata habari zote anazozihitaji, ila mtu hamwoni. Mwongozo huu ni kwa ajili yako wewe mwenye aya kama hiyo kwenye muswada wako, na utaifuata aya moja tu, kutoka ilivyoanza mpaka inavyoweza kuwa.

Mahali pa kujifunzia ni Ngorongoro, kwa sababu pale watu wengi wamekuwa na uamuzi wa aina hiyo hasa. Eneo la Hifadhi lilianzishwa mwaka 1959 kama eneo ambamo wafugaji na wanyamapori wangeishi pamoja. Katikati ya miaka ya 1970 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walitolewa, na mwaka 1975 kilimo kikapigwa marufuku. Kiliruhusiwa tena kwa muda kuanzia 1992, kisha kikasimamishwa. Juni 2022 serikali ilianza kuzihamishia familia Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga. Ilieleza kwamba zoezi ni la hiari, na ikaahidi fidia, nyumba ya vyumba vitatu na shamba la ekari tano. Wapo waliojiandikisha na kupanda magari. Wapo waliokataa, na Agosti 2024 maelfu waliandamana kando ya barabara inayopita hifadhini. Mwandishi anayeingia hapa anakuta hoja zimeshatamkwa zote, mikutanoni, redioni na magazetini. Hatari yake ni kuzikusanya na kumtia mhusika kichwani.

Tuseme mhusika ni Lemayani, kijana wa kubuni, mzaliwa wa Endulen, anayeendesha bodaboda mjini Karatu. Baba yake ametuma ujumbe: njoo, tuna la kuzungumza. Leo yuko stendi ya Karatu anasubiri gari lijae. Hii hapa rasimu ya kwanza, kama inavyoandikwa mara nyingi:

Lemayani alikaa kimya ndani ya gari akitafakari. Aliwaza moyoni, “Kwa upande mmoja, Msomera kuna nyumba ya vyumba vitatu, shamba la ekari tano, shule na umeme. Wadogo zangu watasoma. Kwa upande mwingine, Ngorongoro ndiko waliko mababu zetu, na ndiko ng’ombe wetu wanakopata malisho. Je, maendeleo ni bora kuliko mizizi? Baba ni mzee na ana haki ya kuamua. Hata hivyo, mimi ni mtoto wake wa kwanza na ni wajibu wangu kumweleza ukweli. Nitamshauri ajiandikishe.” Baada ya kuwaza hayo, alishusha pumzi ndefu.

Hakuna kosa la sarufi hapo, na hakuna uongo. Shida ni kwamba Lemayani anawaza kama mtu anayejua kwamba anasikilizwa. Anamweleza nani kwamba nyumba ina vyumba vitatu? Yeye anajua. Anamweleza nani kwamba yeye ni mtoto wa kwanza? Mtu hajikumbushi jambo ambalo hajapata kulisahau. Kila kipande cha habari kilichowekwa kwa manufaa ya msomaji kinaonekana kama kibandiko, na hicho ndicho kipimo cha haraka kuliko vyote: pitia aya yako, weka alama kwenye kila sentensi ambayo mhusika hana sababu ya kujiambia. Katika aya hii alama zingeangukia karibu kila mstari.

Unadhifu huu tumeupata shuleni, na si jambo la kulaumiana. Insha ya sekondari inatutaka tupange hoja za kuunga mkono, hoja za kupinga, na msimamo. Tamthilia nazo zimetufundisha uzungumzi nafsia, ambapo mhusika anasimama peke yake jukwaani na kusema yaliyo moyoni mwake. Pale ni lazima aeleweke, kwa sababu mtu wa safu ya nyuma hana ukurasa wa kurudia. Riwaya haina shida hiyo. Euphrase Kezilahabi alilionyesha hilo mapema katika Kichwamaji, iliyotoka mwaka 1974, ambamo Kazimoto anasimulia mwenyewe na msomaji anakaa ndani ya kichwa kisichotulia. Nusu karne kabla yake, mwaka 1925, Virginia Woolf alikuwa ameijenga riwaya nzima juu ya siku moja ya mwanamke wa London, huku fikra zikirukia miaka ya nyuma na kengele ya saa ikilia mara kwa mara. Njia hii ina historia. Kinachohitaji kazi ni kuitembeza kwa Kiswahili, kwa mtu aliye Karatu.

Kabla ya kugusa sentensi hata moja, jiulize mhusika anakwepa nini. Hili ndilo linalozaa mengine yote. Fikra hazizunguki kwa sababu mwandishi ameamua zizunguke. Zinazunguka kwa sababu katikati pana kitu ambacho mhusika hataki kukikanyaga. Rasimu ya kwanza haina kitu hicho, ndiyo maana imenyooka. Kwa hiyo mpe Lemayani siri. Pikipiki anayoiendesha ni ya mkataba: anapeleka hesabu kwa bosi kila wiki, na mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake. Hesabu ya wiki tatu hajaipeleka. Baba akijiandikisha, fidia itatoka. Lemayani anajua hilo, na hataki kujua kwamba anajua.

Angalia kilichotokea. Swali halihusu tena maendeleo na mizizi. Kila hoja nzuri anayoweza kuitoa kuhusu Msomera sasa ina harufu ya deni lake, na kila hoja nzuri ya kubaki inaweza kuwa njia yake ya kujisafisha. Hataweza kuwaza mstari mmoja ulionyooka hata akitaka.

Hatua ya pili ni kuondoa vishikizo. “Aliwaza moyoni”, “alijiuliza”, “akatafakari”, alama za kunukuu, vyote vitoke. Msimulizi na mhusika wazungumze kwa sauti moja, nafsi ya tatu ikibaki. Kisha toa “kwa upande mmoja”, “hata hivyo”, “kwa hiyo”. Viunganishi hivyo ni vya mtu aliyekwisha kumaliza kufikiri na sasa anaripoti.

Halafu kuna -ka-. Kiambishi hiki ni mhimili wa usimulizi wetu: akaenda, akamkuta, akamwambia. Kinapanga matukio moja nyuma ya jingine kama shanga kwenye uzi, na ndiyo sababu ndani ya fikra kinaharibu. Kumbukumbu ikija kwa mnyororo wa -ka- inageuka hadithi fupi yenye mwanzo na mwisho. Vunja mnyororo. Acha -ka- moja au mbili pale ambapo kitu kimoja kweli kilisababisha kingine, na sehemu nyingine tumia -me-, -na-, hu-, na hasa -nge-, ambayo inabeba nusu ya matamanio ya binadamu bila kumlazimisha ayakiri.

Baada ya hapo, andika upya. Aya ya Lemayani inaweza kutoka hivi:

Gari la Endulen halijajaa. Bado wawili, konda anasema bado wawili, na amekuwa akisema hivyo tangu saa tatu. Kiroba kiko chini ya kiti. Kilo ishirini na tano. Yeyo atakitazama tu, hatauliza mbona si hamsini, na afadhali angeuliza. Vyumba vitatu. Yule wa mkutanoni alionyesha kwa vidole, vitatu, mbele ya wazee waliohesabu ng’ombe maisha yao yote. Baba ana chumba kimoja na moshi wake na hajawahi kulalamika. Kifua kinamkwaruza usiku kucha. Kwenye bati hakuna moshi. Kuna joto, Handeni ni joto, ng’ombe wa mlimani watakufa. Ng’ombe gani, wamebaki tisa. Wanane, yule mwenye doa aliuzwa.

Pikipiki nyekundu imeingia stendi na Lemayani ameinama, mkono unatafuta kamba ya kiatu. Si yeye. Hata angekuwa yeye, ni wiki tatu tu, kuna vijana wanadaiwa miezi. Alisema mwisho wa wiki. Mwisho wa wiki ni Jumapili. Katambuga hazina kamba.

Hatamwambia ajiandikishe. Baba hapendi kuambiwa. Ataweka fimbo juu ya magoti na kusubiri, na mtu akisubiriwa namna ile husema. Basi atasema kuna shule. Shule ipo Endulen. Atasema shamba, ekari tano, yeyo alime mahindi yake mwenyewe asingoje viroba vya mtu. Yeyo hajui kulima. Anajua, alilima nyuma ya boma, Lemayani mdogo, mahindi mafupi, nyani wakayamaliza yote kwa asubuhi moja, na yeyo alicheka. Hakucheka. Alikaa kimya mpaka jioni. Aliyecheka ni bibi.

Fidia ni ya baba. Yote. Hakuna aliyesema atoe. Akitoa mwenyewe, akimtazama mwanawe, akauliza una shida gani huko Karatu, hapo ni kitu kingine, hapo si kuomba. Heri wasihame. Heri baba akatae, mambo yaishe, na hiyo Jumapili ije. Bado mmoja, anasema konda. Geti wanafunga saa kumi na mbili. Kuna muda. Kuna muda mwingi mno.

Sasa isome tena polepole, ukitafuta bawaba. Aya hii inaonekana imetupwa tu, lakini hakuna mruko hata mmoja usio na kichocheo. Kiroba cha unga kinamleta yeyo, mama yake. Uzito wake unaleta hesabu, na hesabu inaleta vyumba vitatu. Vyumba vinaleta chumba cha baba, chumba kinaleta moshi, moshi unaleta kifua, kifua kinaleta bati, bati linaleta joto, joto linaleta ng’ombe. Kila kiungo ni cha kuonekana, kusikika au kuhisiwa mwilini. Hakuna kiungo cha wazo tupu. Hilo ni tofauti na fikra zilizotawanywa ovyo, ambazo msomaji huzitambua mara moja kwa sababu anaweza kuzipanga upya bila hasara. Jaribu hapa kuhamisha sentensi ya joto kabla ya ile ya bati, utaona kamba inakatika.

Kupingana nako kuna utaratibu wake. “Hajawahi kulalamika”, kisha mara moja kifua kinamkwaruza usiku kucha. Lemayani haoni mgongano, msomaji anauona. Kama angesema “hajawahi kulalamika, lakini kwa kweli anaumwa”, angekuwa amejisahihisha kama mwalimu, na msomaji angebaki bila kazi. Ondoa “lakini” kwenye sehemu nzito zaidi, uiache sentensi ya pili isimame jirani na ya kwanza kama majirani wasiosalimiana. Kwa upande wa ng’ombe, yeye mwenyewe anajirekebisha: tisa, wanane. Hapo kujirekebisha kunafaa, kwa sababu idadi ya mifugo ni jambo ambalo kijana wa kifugaji hawezi kulikosea bila kustuka, na kustuka kwake kunatuambia muda aliokaa mbali na nyumbani.

Kicheko cha yeyo ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Lemayani anataka mama yake awe amewahi kulima kwa furaha, maana mama mwenye furaha shambani ni hoja ya kwenda Msomera. Kumbukumbu inamtii kwa sekunde moja, kisha inakataa. Hivi ndivyo kumbukumbu inavyofanya kazi ndani ya mtu mwenye haja: inakuja kwanza ikiwa na sura anayoihitaji, halafu sura ya kweli inaisukuma pembeni. Ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma mara moja tu katika aya yako, iweke kwenye kumbukumbu, kuliko kuiweka kwenye hoja. Angalia pia kwamba “wakayamaliza” ndiyo -ka- pekee katika kumbukumbu hiyo, na ipo kwa sababu nyani kweli walikuja baada ya mahindi kuota. Tena mahindi hayo yana tarehe: mtoto wa miaka ya 1990 au mwanzoni mwa miaka ya 2000 angeweza kuyaona, wa mapema zaidi angeshuhudia marufuku. Fikra ikizunguka, ukweli wa nje usizunguke nayo.

Lipo jingine la ukweli wa nje. Rasimu ya kwanza ilitaja mababu, na waandishi wengi wangeandika “makaburi ya mababu”. Wamaasai wa zamani hawakuwa na desturi ya kumzika kila mtu; kaburi lilikuwa la wachache. Maneno hayo yameingia kutoka kwenye hadithi za makabila mengine na kutoka kwenye hotuba. Ukimwacha mhusika azunguke ndani ya vitu alivyovigusa kweli, kama fimbo, moshi, ng’ombe mwenye doa, vitu vya kuazima vinajitoa vyenyewe.

Deni linatokea wapi? Halitajwi waziwazi. Pikipiki inaingia, mkono unatafuta kamba ambayo haipo, na ndani ya sentensi chache tu limeshazikwa tena. Kosa la kawaida katika hatua hii ni woga: mwandishi anahofia msomaji hataelewa, anaongeza “kwani alikuwa na deni la bosi wake”. Usiongeze. Lakini msomaji lazima awe ameshapewa ufunguo mahali pengine, ukurasa mmoja au miwili nyuma, kwa mfano bosi akipiga simu na Lemayani kuacha iite. Fikra si mahali pa kutolea taarifa mpya za msingi. Ni mahali ambapo taarifa iliyokwisha kutolewa inaanza kuuma.

Kiswahili kina tatizo lake la pekee katika uandishi huu, na wengi hawalioni mpaka msomaji wa kwanza anapochanganyikiwa. Kiambishi a- hakibagui mume na mke, mzee na kijana. Katika aya za Lemayani, konda ni a-, yeyo ni a-, baba ni a-, bosi ni a-, na yule wa mkutanoni pia. Fikra hupenda kuacha majina, kwa kuwa mtu hamtaji anayemjua, kwa hiyo unahitaji njia nyingine ya kuwatenganisha. Mpe kila mmoja kitu chake. Palipo na fimbo, a- ni baba. Palipo na kiroba au mahindi, ni yeyo. “Alisema mwisho wa wiki” imekaa mara tu baada ya pikipiki ili isiwe na mwingine. Kama watu wawili wanagombania kiambishi kimoja ndani ya mistari mitatu, taja jina na usihofu. “Baba” limetajwa mara kadhaa hapo juu kwa sababu hiyo.

Kuhusu lugha ya mhusika: Lemayani angewaza kwa Kimaasai, na hadithi ni ya Kiswahili. Neno moja, yeyo, limeachwa kwa kuwa mama huyo hana jina jingine kichwani mwa mwanawe. Ukirundika maneno ya Kimaasai kila mstari, msomaji ataanza kumtazama Lemayani kwa mbali, kama mtalii aliyesimama ukingoni mwa kreta, na kazi yote ya kumweka ndani ya kichwa chake itakuwa bure.

Mambo matatu huiharibu rasimu ya pili. La kwanza ni nukta za dukuduku. Zikijaa zinamfanya mhusika aonekane mgonjwa au amelewa, na mara nyingi zimewekwa mahali ambapo mwandishi hakupata kichocheo cha kweli. Aya za hapo juu hazina hata moja. La pili ni mfululizo wa maswali: je, aende? je, abaki? je, itakuwaje? Mtu mwenye wasiwasi hudai zaidi ya anavyouliza. Anajiambia jambo kwa uhakika, kisha linalopingana nalo kwa uhakika uleule. La tatu ni “kumbe” na “mbona” zinazorudiwa mpaka zinapoteza nguvu.

Urefu nao una mpaka. Msomaji anavumilia kuzunguka kwa muda kama ataguswa na dunia ya nje kila baada ya mistari michache. Ndiyo kazi ya konda. Anarudi mwanzo na mwisho, hesabu yake ikishuka kutoka wawili hadi mmoja, na kwa kushuka huko tunajua muda umepita. Kama aya yako haina konda wake, mtafutie: maji yanayokaribia kuchemka, foleni inayosogea, mvua inayokaribia kutoka mlimani. Sauti itakusaidia kupima. Isome kwa sauti ya kawaida. Pale unapolazimika kurudi nyuma ili ujue nani anazungumziwa, pana bawaba iliyolegea. Pale unapoweza kutabiri sentensi inayofuata mara tatu mfululizo, unadhifu umerudi.

Si kila fikra inastahili kazi hii. Lemayani akiwaza kwamba ana njaa, andika kwamba ana njaa. Kama aya hizi zingekuwa tano katika hadithi moja, ile ya stendi isingesikika. Iweke pale ambapo uamuzi umekaribia na mhusika bado anaweza kushuka garini.

Na ile rasimu ya kwanza usiitupe. Gari litafika Endulen, baba ataweka fimbo juu ya magoti, wazee wawili watatu watakuwa wamekaa, na Lemayani ataombwa aseme. Hapo ndipo mahali pake. Mbele ya wazee kijana husema kwa mpangilio: kwa upande mmoja hivi, kwa upande mwingine vile, mimi kama mtoto wa kwanza naona baba ajiandikishe. Maneno ni yaleyale uliyoyaandika mwanzo, ila safari hii yana msikilizaji, na msomaji aliyekuwa naye stendi atalisikia deni katika kila sentensi iliyonyooka.